Inveta Katika Nyumba ya Kupanga: Nani Agharamie?

Umeme ukikatika mara kwa mara kwa miezi kadhaa, mpangaji wa Loliondo anaweza kumwomba mwenye nyumba wachangie inveta, lakini hawezi kumlazimisha. Mkataba wa pango usipotaja umeme wa akiba, jambo hilo hubaki la maelewano.

Maelewano huwa mepesi wakitenganisha kinachobaki na kinachohamishika. Nyaya na swichi ya kubadilishia umeme huwa sehemu ya nyumba, hivyo ni haki mwenye nyumba azigharamie. Inveta na betri mpangaji aweza kuondoka navyo. Wakikubaliana vyote vibaki, mpangaji anaweza kununua kwanza, kisha akapunguziwa kodi: mchango wa mwenye nyumba ukiwa shilingi 300,000, kodi hupungua kwa 25,000 kila mwezi kwa miezi 12. Akihama baada ya miezi minane, anadai 100,000. Malipo ya deni hilo yaandikwe mapema, pamoja na nani atanunua betri mpya, maana betri ndiyo huchoka kwanza.

Swichi isiachwe kwa kubana matumizi. Bila hiyo, umeme wa inveta unaweza kurudi kwenye laini ya TANESCO na kumuua fundi aliye nguzoni. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.