Soo Tano Kila Mwezi: Uweke Ziidi ama Ujifunze Kunyoa?

Tuseme unakaa Mjambere, unasoma TUM pale Tudor. HELB ikiingia unalipa keja, unatenga ya mat ya kuvuka daraja la Nyali, na ukijibana sana unabaki na soo tano kila mwezi. Mbogi ya hosteli inakuambia hiyo doo isilale, iekeze. Sawa, lakini hebu tupige hesabu kwanza.

Mahali rahisi pa kuanzia ni mfuko wa soko la fedha, kama Ziidi ya Safaricom. Unaingia na soo moja tu kwa simu yako, na kutoa hela kurudi M-Pesa hakuna makato. Mfuko unakusanya chapaa za watu wengi, unazikopesha serikali na benki kwa muda mfupi, halafu riba mnagawana. Kiwango hupanda na kushuka, so tuchukue asilimia 10 kwa mwaka ili hesabu iwe nyepesi.

Ukiweka soo tano kila mwezi, baada ya miezi 12 umeweka 6,000. Riba si asilimia 10 ya 6,000, na hapa ndipo wasee wengi huchanganyikiwa. Ile soo tano ya kwanza imekaa mwaka mzima, lakini ya mwisho imekaa mwezi mmoja tu. Ukijumlisha zote unapata riba ya kama 325. Kodi inakata asilimia 15, unabaki na kama 276.

Mwaka mzima wa kujinyima, 276. Hiyo ni chipo na soda na salio kidogo.

Si kwamba Ziidi ni mbaya. Kosa ni kuiona kama njia ya kutajirika, na kazi yake kwako wewe ni nyingine kabisa: kukuzuia usikope. HELB ikichelewa, mwanachuo hukimbilia mikopo ya simu. M-Shwari imejulikana kwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na juu yake kuna ushuru. Ukikopa thao moja mara nne kwa mwaka, umelipa 300 bila hata kuhesabu ushuru. Riba yako yote imeliwa, na bado unadaiwa. Kwa hivyo thao mbili za kwanza zikae tu kwa mfuko, zikingoja ile wiki ya njaa.

Zinazofuata ndizo za ujuzi. Chukua kinyozi wa mtaani. Tuseme kichwa ni soo moja, na mwenye kibanda anachukua nusu. Jumamosi moja ukinyoa vichwa kumi, unaenda nyumbani na soo tano. Siku moja imeshinda riba ya mwaka, na imebaki!

Lakini usiruke haraka. Hizo soo tano hazianzi wiki ya kwanza. Utakaa miezi ukifagia nywele na kushika mashine ya mwenyewe kabla mteja akuamini na laini yake ya mbele. Halafu mtihani ukifika, Jumamosi zako zinapotea, na mteja asiyekupata mara mbili anahamia kwa jirani. Ujuzi unakula muda, kitu ambacho Ziidi haikudai.

Ndiyo maana usianze kwa kununua mashine. Anza na kibanda ambacho watakuruhusu ukae Jumamosi mbili tatu bure, ucheki kama mikono yako inakubali. Kama roho yako iko kwa kompyuta, ni vile vile. Ajira Digital inafundisha bila malipo, na Swahilipot Hub pale karibu na Fort Jesus kuna vijana wa fani hizo unaoweza kuwauliza kazi inalipaje. Maliza cha bure kwanza. Ukishindwa kumaliza cha bure, cha elfu sita hakitakushika pia.

Na ukija kulipia kozi, muulize mwalimu swali moja: mwanafunzi wako wa mwisho anafanyia nani kazi sasa? Kinyozi atakuonyesha, amesimama hapo kiti cha pili. Fundi simu wa Kongowea pia atakuonyesha. Yule wa kozi ya "kutengeneza pesa onlaini" atakuonyesha picha za skrini na gari la kukodi, kisha atakuambia nafasi zinaisha leo usiku. Huyo hela yake inatoka kwa karo yako, haitoki kwa ile kazi anayofundisha.

Hela ya mashine nayo isikae mfukoni ukiisubiri, maana itaishia kwa viazi karai. Iache Ziidi hadi mwenye kibanda akwambie uko tayari. Siku hiyo unaitoa, unaenda kutafuta mashine, na ukirudi unaanza na vichwa vya mabeshte kwa bei ya nusu.