Kumwalika Bloga Alale Bure: Andika Kazi, Usinunue Sifa

Mwenye nyumba ya wageni akimwalika mwandishi wa safari aje alale bila malipo, wote wawili hufurahi mpaka wiki moja baada ya mgeni kuondoka. Hapo mwenyeji huanza kuchungulia simu: mbona makala haijatoka? Mbona ameposti picha ya mgahawa wa jirani? Mwandishi naye anashangaa kudaiwa picha 40 ambazo hazikutajwa popote. Aghalabu hakuna aliyemdanganya mwenzake. Mwaliko ulisema tu "karibu, utatupiga tafu kidogo mtandaoni", na kila mmoja akaielewa hiyo tafu kwa kipimo chake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya vyumba sita huko Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, ambayo chumba cha wawili ni shilingi 180,000 kwa usiku. Mwenye nyumba anataka kumwita bloga wa Nairobi mwenye wasomaji Kenya na miongoni mwa Wakenya walioko Uingereza. Kabla ya kuandika lolote, afanye hesabu ya anachotoa. Kwa bei ya kibaoni, usiku tatu ni shilingi 540,000, na wengi huitaja hiyo kama gharama yao. Lakini mwanzoni mwa Juni, masika yakiwa yamekatika na wageni wa Julai hawajafika, chumba hicho kingelala kitupu. Kinachotoka mfukoni kweli ni chakula cha watu wawili, tuseme 135,000. Dobi, maji na umeme 45,000. Na gari la kwenda na kurudi bandarini 120,000. Jumla 300,000. Mwalike huyo huyo mwezi wa Agosti na utamfukuza mgeni wa kulipa, kwa hiyo gharama inapanda hadi 840,000 kwa makala ile ile.

Tarehe ina jambo lingine ambalo mwenyeji analijua na mgeni halijui. Jambiani maji yakipwa hurudi mbali sana, na mtu aliyekuja kupiga picha akiogelea atabaki anatazama mchanga na majani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Akina mama wa mwani hushuka kwenye mashamba yao wakati huo wa asubuhi. Bloga anayetaka picha za mwani aje bamvua, na zile za kuogelea azipange jioni. Mstari mmoja kuhusu hili kwenye mwaliko unaokoa manung'uniko ya siku nzima.

Barua yenyewe inaweza kuwa hivi:

"Dada yetu, salaam kutoka Jambiani. Tumesoma makala zako na tumependa unavyotaja nauli na muda wa njiani bila kuficha. Tunakukaribisha ukae kwetu usiku tatu, wiki ya kwanza ya Juni, wewe na mwenzako mmoja. Juu yetu ni chumba, kifungua kinywa, chakula cha usiku, na gari la kukutoa bandari ya Malindi na kukurudisha. Juu yako ni nauli ya kufika Unguja, chakula cha mchana, vinywaji vya kununua na matembezi ya boti. Fedha taslimu hatulipi.

Nasi tunaomba makala moja ya maneno 800 au zaidi kwenye blogu yako, itoke ndani ya siku 30 tangu uondoke na ibaki hewani si chini ya mwaka mmoja. Tunaomba pia video moja fupi ya Instagram, na picha 10 tutakazoweka kwenye tovuti na kurasa zetu kwa mwaka mmoja, zikiwa na jina lako. Picha zinabaki mali yako. Tukitaka kuzitumia kwenye bango au tangazo la kulipia, tutakuomba upya na tutakulipa.

Maoni ni yako. Hatutaomba kuisoma makala kabla hujaichapisha. Ukikosea bei au jina la mahali, tutakuomba usahihishe. Jambo likikukera ukiwa hapa, tuambie tulirekebishe, na una hiari ya kuliandika hata hivyo. Tafadhali waeleze wasomaji wako mwanzoni kabisa kwamba ulikuwa mgeni wetu bila kulipa.

Ukipata udhuru, tujulishe siku 7 kabla. Sisi tukishindwa kukupokea baada ya wewe kukata tiketi, tutakurudishia nauli au tutakupa tarehe nyingine, utakavyochagua. Kijijini tunavaa nguo za kusitiri, akina mama wa mwani hupigwa picha kwa ridhaa yao, na droni hairushwi bila kibali. Kama kuna sharti lisilokufaa, tuandikie tuzungumze."

Sehemu inayowashinda wenyeji wengi ni hiyo ya maoni. Wanaona ni kichekesho kumlisha mtu siku tatu kisha kumpa ruhusa ya kukusema. Lakini sifa ya kulipiwa ina madhara yake. Tripadvisor inakataza mwenye biashara kumpa mtu zawadi au punguzo ili aandike tathmini, kwa hiyo usimwombe bloga akuwekee nyota huko. Marekani, kanuni ya Tume ya Biashara iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza kulipia tathmini za wateja kwa sharti kwamba ziwe nzuri, au ziwe mbaya. Uingereza, waliko baadhi ya wasomaji wa bloga wetu, malazi ya bure huhesabiwa kama malipo. Mwenyeji akishalipa na pia akajipa mamlaka ya kuidhinisha maandishi, wasimamizi wa matangazo wa nchi hiyo huyachukulia kuwa tangazo, na yanapaswa kuwekewa alama hivyo. Ukiomba kuhariri, umeigeuza makala kuwa tangazo kwa mkono wako mwenyewe.

Linki nayo ina utaratibu. Google inataka linki iliyotokana na malipo iwekewe alama `rel="sponsored"`, na haihesabu linki hiyo kama kura ya kuipandisha tovuti yako. Kwa hiyo usimbane bloga akupe linki "safi" kwa ajili ya Google. Unachokitaka ni msomaji aibofye na kufika kwako moja kwa moja, bila kupitia kwa wakala wa mtandaoni. Wakala akikata asilimia 15, kila usiku uliouzwa moja kwa moja unakubakishia shilingi 27,000 ambazo zingekwenda kwake. Zile 300,000 za Juni zinarudi kwa usiku 11 au 12 wa wageni ambao vinginevyo wangepitia kwa wakala. Ili ujue wametokea wapi, mpe bloga neno lake la punguzo wageni walitaje wanapoweka nafasi, hata kama punguzo lenyewe ni gilasi ya juisi ya ukwaju wakifika.

Kumchagua wa kumwandikia, idadi ya wafuasi isikubabaishe. Mwombe picha ya skrini ya takwimu za blogu yake kwa miezi mitatu iliyopita: wasomaji wangapi, kutoka nchi gani. Mwenye wafuasi laki moja ambao hawajawahi kuvuka bahari kwenda Unguja hakufai kuliko mwenye wasomaji elfu sita wanaotafuta mahali pa kulala. Anayekataa kuonyesha takwimu, mshukuru na uachane naye.

Huenda akajibu kwamba makala, video na picha ni kazi ya wiki nzima, na usiku tatu hautoshi. Ana haki. Punguza unachoomba, video ndiyo iondoke kwanza, au ongeza fedha. Ila usikubali kwa simu. Mabadiliko yoyote yaandikwe kwenye barua ile ile, na kila mmoja abaki na nakala kabla boti haijang'oa nanga Dar es Salaam.