Ratiba ya dakika kwa dakika: jinsi ya kulinda muda wa mwananchi kikaoni

Kila mwaka kufikia 28 Februari, serikali za kaunti hutakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kuwasilisha kwenye bunge la kaunti waraka wa mikakati ya fedha. Sheria hiyo inataka maoni ya umma yazingatiwe katika kuuandaa. Ndiyo maana wasimamizi wa wadi hujikuta wakiandaa vikao vya wananchi mwanzoni mwa mwaka, mara nyingi kwa siku moja tu kila mahali.

Karatasi inayogawiwa wageni huwa na mistari sita au saba: kuwasili, maombi, hotuba, majadiliano, chakula, kufunga. Karatasi hiyo ni ya wageni. Wanaoendesha kikao wanahitaji nyingine, inayoonyesha kila dakika nani anafanya nini, wapi, na ni jambo gani linalopaswa kuwa limekamilika kabla hajaanza. Bila hiyo, kikao huchelewa kidogo asubuhi, huchelewa tena kwenye hotuba, na muda unaokatwa kufidia huwa ule wa mwananchi kusema.

Tuchukue kikao cha watu 240 katika ukumbi wa wadi. Wananchi 42 wanaishi karibu na watakuja kwa miguu. Waliobaki 198 wataletwa na mabasi matatu ya viti 33, kila basi likifanya safari mbili. Safari moja ni dakika 20.

Ratiba huanza kuandikwa kutoka mwisho. Mabasi yakianza kurudisha watu saa 9:00 alasiri, safari ya pili itaondoka karibu saa 9:50 na abiria wa mwisho atashuka saa 10:10 jioni. Kwa hiyo kikao lazima kifungwe saa 8:50. Saa hiyo haisogei, na kila kitu kingine kinapangwa kikielekea huko.

Kisha mtu huenda kwenye lango. Karani anayeandika jina, nambari ya simu, kijiji na kupokea sahihi huchukua takriban sekunde 45 kwa kila mtu. Mabasi yote matatu yakifika pamoja mbele ya meza moja, watu 99 watasimama foleni kwa zaidi ya saa nzima. Ukiwa na meza tatu, basi moja humalizwa kwa dakika nane na ushee, kwa hiyo mabasi yapishane kwa dakika kumi. Basi la kwanza lifike saa 1:45 asubuhi, la pili 1:55, la tatu 2:05. Kushusha, kurudi, kupakia na kuja tena ni kama dakika 50, hivyo safari ya pili inafika saa 2:35, 2:45 na 2:55. Wanaokuja kwa miguu huandikishwa katika nafasi iliyo kati ya safari hizo mbili. Mtu wa mwisho atakuwa ameingia saa 3:04, na kikao kinaweza kuanza saa 3:10.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo waandaaji wengi hulipuuza. Ukiita basi la kwanza saa 2:30, kikao hakiwezi kuanza saa 3:00 hata kama kila mtu ni mwepesi. Inaonyesha pia chai iende wapi. Aliyeshuka saa 1:45 aliondoka nyumbani kabla ya saa 1:25. Apewe chai mara tu baada ya kuandikishwa, badala ya kusimamisha kikao saa nne kwa nusu saa nzima.

Kutoka saa 3:10 mpaka 4:30 kuna maombi, wimbo wa taifa, hotuba nne za dakika tano, maelezo ya afisa wa fedha na maswali machache. Watu wakishagawanyika katika vikundi vinne vya 60 (maji, barabara, afya na kilimo), jambo linalochukua dakika kumi, wanabaki na dakika 90 mpaka saa 6:10. Ni kama dakika moja na nusu kwa kila mtu. Hotuba zikizidi kwa dakika 40, inabaki chini ya dakika moja, na kwa kawaida wanaokosa nafasi ni wale ambao hawajazoea kunyakua kipaza sauti.

Chakula kinahitaji hesabu kama ile ya lango. Upande mmoja wa meza hutoa sahani moja kila sekunde 20, yaani tatu kwa dakika. Meza moja yenye foleni upande mmoja itamaliza watu 240 kwa dakika 80. Meza mbili zinazopakuliwa pande zote mbili zitamaliza kwa dakika 20. Vikundi viachiliwe kimoja baada ya kingine kila dakika tano kuanzia saa 6:20, wazee, watu wanaoishi na ulemavu na kina mama wenye watoto wadogo wakitangulia. Saa 7:15 mchana watu wawe wamerudi ukumbini. Mpishi naye apewe idadi kamili ya waliofika mara orodha inapofungwa saa 3:10, wakati bado anaweza kuongeza mchele.

Kwenye karatasi yenyewe, safu ya maana kuliko zote baada ya saa na jina la mhusika ni ile ya ishara: kitu kinachoonekana ambacho kinaruhusu hatua ifuatayo. Kikundi cha kwanza hakiachiliwi kwa sababu saa imefika 6:20. Kinaachiliwa kwa sababu mkuu wa wapishi ameinua mkono kwamba chakula na maji ya kunawa yako tayari. Ishara hiyo itarajiwe saa 6:10. Ikikosekana, msimamizi ana dakika kumi za kuviambia vikundi viendelee kujadiliana, badala ya watu kupanga foleni juani wakisubiri sufuria.

Saa ziandikwe kwa mtindo mmoja. Dereva aliyeambiwa "saa tatu" na mhudumu aliyeandikiwa 3:00 na ofisi inayohesabu saa kwa Kiingereza wanaweza kupishana kwa saa sita.

Kuchelewa kwa mgeni mkuu kuamuliwe siku moja kabla. Ratiba iseme: ikifika saa 3:25 na hajathibitisha kwamba yuko umbali wa dakika kumi, afisa wa fedha anaanza maelezo yake, na hotuba ya mgeni itasikika atakapofika, mwanzoni au baada ya chakula. Anayetoa amri hiyo ni mtu mmoja aliyetajwa kwenye karatasi. Mshereheshaji asiachiwe, maana ni vigumu kwa aliyeshika kipaza sauti kumkatiza mkubwa wake. Iandikwe pia kitakachopunguzwa kwanza: hotuba, kisha ripoti za vikundi zitakazosomwa baada ya chakula, ambazo zinaweza kufupishwa kwa kuwa zimeandikwa. Zile dakika 90 haziguswi.

Ratiba ya namna hii haiwezi kuzuia mvua wala basi kuharibika. Inachofanya ni kuonyesha mapema. Basi la tatu lisipoonekana kufikia saa 2:15, msimamizi anajua safari yake ya pili nayo itachelewa, na bado ana muda wa kutafuta gari lingine. Karani mmoja aandike saa halisi ya kila tukio kando ya ile iliyopangwa, na nakala hiyo ipelekwe kwa msimamizi wa wadi itakayofuata kabla hajaagiza mabasi yake.