Mikono minne ya nahodha: kutengeneza kitabu cha mtoto bila kuianika sura yake

Binti yangu ana miaka sita. Mwezi uliopita alikaa sakafuni na kalamu zake za rangi akachora jahazi lenye jicho kwenye omo, na juu yake nahodha mwanamke mwenye mikono minne. Nilimuuliza mikono yote hiyo ya nini. Akanitazama kama mtu asiyejua kitu. "Mama, miwili ya usukani, miwili ya kuvuta kamba ya tanga. Si yuko peke yake?" Nahodha huyo, akaniambia, ni yeye.

Siku hizi ziko programu za akili bandia ambazo ukizipa mchoro na picha ya mtoto, huvichanganya viwili hivyo zikakutolea shujaa wa hadithi. Wazazi wengi wamekwisha kuzijaribu, nami nikajaribu. Nilichagua picha aliyopigwa asubuhi ya siku ya kufungua shule, akiwa na sare na anacheka. Nikaandika sentensi moja tu: mgeuze mtoto huyu awe nahodha kama kwenye mchoro. Haikuchukua hata dakika moja. Kikatoka kitoto kizuri kama mwanasesere wa dukani, ngozi imepaushwa, mtandio hauko, nywele zinapepea, mikono miwili, na chombo chenye milingoti mitatu kama cha Wareno.

Kwa furaha niliituma kwenye kundi la familia usiku uleule, pamoja na mchoro na ile picha ya sare ili watu walinganishe. Kabla sijalala, binamu mmoja alikuwa ameiweka kwenye Status yake. Kesho yake sokoni, mama nisiyemjua vizuri akanambia, "Mashallah, kumbe mwanao anasoma shule ile." Nikarudi nyumbani nikamwonyesha mtoto picha yenyewe. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Basi nilikuwa nimekosea mara mbili kwa siku moja. Watu wa nje walimtambua mwanangu, naye mwenyewe hakujitambua. Niliporudia kazi upya niligundua kwamba makosa haya yana dawa moja: mchoro ndio ubebe shujaa, picha iazime machache tu.

Programu hizi zimefunzwa kwa picha nyingi mno, na kila inapokosa uhakika hurudi kwenye kile ilichokiona mara nyingi. Imeona watoto wengi wa mikono miwili na merikebu nyingi za Kizungu, majahazi machache. Kwa hiyo mikono minne huiona kuwa kosa la kurekebishwa. Na uso wa picha ukiwa wazi na mchoro ukiwa hafifu, uso hushinda. Usipoieleza kipi kitoke wapi, itakuamulia yenyewe.

Anza na mchoro. Uweke mezani karibu na dirisha, mahali penye mwanga wa mchana lakini si jua kali, na uzime mwako wa simu kwa sababu nta ya kalamu za rangi hung'aa. Simama uupige kutoka juu moja kwa moja, la sivyo karatasi itapinda na kichwa kitakuwa kidogo kuliko miguu. Kisha kata kingo, na hakikisha jina la mtoto au la shule lililoandikwa pembeni halimo.

Sasa picha ya mtoto. Nilipiga mpya: nguo za nyumbani, mtandio wake wa manjano, ukuta mtupu nyuma, amesimama kama anayevuta kamba, na uso ameugeuzia upande wa pili. Sikuhitaji uso. Nilichotaka ni mkao wake, rangi ya ngozi yake na namna mtandio unavyomkalia. Pengo la jino la mbele nililieleza kwa maneno. Hapa pana jambo ambalo wengi hatulifikirii: kushiriki picha huanza pale unapoipakia kwenye programu, kabla hujamtumia shangazi wala binamu. Picha inatoka simuni mwako inakwenda kwenye kompyuta za kampuni. Baadhi ya programu hutumia vinavyopakiwa kuzifunzia mashine zao, na baadhi hukupa nafasi ya kukataa kwenye mipangilio. Tafuta nafasi hiyo kabla ya kupakia. Programu nyingine hukataa kabisa kugusa picha ya mtoto, nayo ni sababu nyingine ya kutumia picha isiyo na uso.

Picha ya tatu ilikuwa ya jahazi la kweli, lenye tanga la pembe tatu na foromali yake, ili merikebu ya Wareno isirudi. Maagizo yangu yakawa hivi: "Picha ya kwanza ni mchoro wa mtoto. Fuata mistari yake, rangi zake na uso wake wa duara wenye nukta mbili za macho. Nahodha ana mikono minne, usipunguze. Picha ya pili itumie kwa mkao, rangi ya ngozi na mtandio wa manjano unaofunika nywele zote. Picha ya tatu itumie kwa umbo la jahazi tu. Ana pengo la jino moja la mbele. Usiandike maneno yoyote kwenye picha."

Jibu la kwanza lilitoa mikono mitatu. Nilirekebisha jambo moja kwa wakati: kwanza mkono, halafu rangi ya maji, kisha jicho la omo. Ukitaja makosa matano kwa pamoja, programu hurekebisha mawili na kuharibu yaliyokuwa sawa. Katika jaribio la nne mtoto alipiga kelele, "Ni mimi!" Hicho ndicho kipimo changu. Siulizi tena kama picha inapendeza. Nauliza kama mchoraji ameijua kazi yake.

Picha hiyo aliyoikubali niliihifadhi kama mama wa kitabu kizima. Kwa kila ukurasa mpya niliirudisha hiyohiyo pamoja na mchoro wa asili. Ukiipa programu ukurasa wa pili ili itengeneze wa tatu, na wa tatu ili itengeneze wa nne, shujaa hubadilika kidogokidogo kama nakala iliyotolewa kwenye nakala, na ukifika ukurasa wa nane mtandio umekuwa kilemba. Maneno nayo yaandike mwenyewe baadaye. Kiswahili kinachochorwa ndani ya picha mara nyingi hutoka na herufi zilizoruka. Mimi nilimwachia mtoto aandike kwa mkono wake, "tanga" ikawa "taga", nikaiacha.

Kitabu chetu kina kurasa 8, yaani karatasi 2 za A4 zilizokunjwa katikati. Kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Karatasi ya kwanza upande mmoja ina ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia, nyuma yake wa 2 na wa 7. Karatasi ya pili ina wa 6 na wa 3, nyuma yake wa 4 na wa 5. Zikunje, zipachike, piga pini mbili kwenye mkunjo.

Kwenye duka la kuchapishia ndiko siri nyingi za nyumbani humwagika. Picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na ikichapishwa huwa na ukungu. Ukiituma kama faili hubaki safi, lakini faili huweza kubeba pia mahali picha ilipopigwa, kama kamera ya simu yako imeruhusiwa kurekodi mahali. Kwa hiyo picha halisi ya mtoto isitumwe dukani kabisa. Peleka kurasa zilizokamilika tu, kwenye kidude cha USB. Ukilazimika kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya duka, jiondoe kabla ya kulipa, na mwombe kijana wa duka afute faili mbele yako, pamoja na kwenye kapu la taka la kompyuta.

Sasa nina vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni kitabu chenye nahodha wa duara na nukta mbili. Hicho naweza kumtumia ndugu yeyote, maana hakina sura, sare, jina wala mtaa. Shujaa anaitwa Nahodha Tanga, si jina la mwanangu. Cha pili ni nakala moja tu ya nyumbani: kwenye jalada la ndani tumebandika kwa gundi picha yake ya kweli, uso kamili na pengo la jino. Nakala hiyo iko kabatini, bibi yake huisoma akija.

Ukurasa wa 5 ulikuwa na baharia mdogo ambaye ni mtoto wa jirani. Nilimwendea mamaye kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na matumizi hayo yawe kwa maslahi ya mtoto. Si maneno matupu: mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Sheria hiyo haikulenga kitabu cha kuchezea nyumbani, lakini adabu ni ileile. Jirani alisema, "Mchore, lakini picha yake usiitie kwenye simu." Baharia basi akachorwa na binti yangu kwa kalamu, moja kwa moja kwenye karatasi iliyokwisha kuchapishwa.

Ile picha ya kwanza, yenye sare, sikuweza kuirudisha. Niliifuta kwenye kundi, nikamwomba binamu aiondoe, naye akaiondoa bila maneno. Lakini Status hutazamwa, na anayetazama anaweza kuipiga picha skrini. Sijui iko kwa nani leo.

Juzi shangazi yake wa Malindi aliomba atumiwe kitabu. Nilimwuliza mwenyewe kwanza. Alifikiri, akaenda kabatini, akarudi na nakala isiyo na picha. "Mtumie hii. Ile nyingine aje aione."