Tangazo la meza Nyamitanga: mteja anatafuta mahali pa kusikika

MBARARA, Uganda. Mwenye duka aliyebaki na chumba kitupu Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi, anaweza kukigeuza kuwa ofisi ya pamoja na kukodisha meza kwa siku. Anaowalenga ni watafsiri, wachoraji wa nembo na watunza hesabu wanaofanyia kazi nyumbani, wakiwemo wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kufanya kazi na kutembea nchini.

Shida huanzia kwenye tangazo. "Mazingira tulivu, intaneti ya kasi, bei nafuu" ni maneno ambayo hata kibanda cha mpira hujisifia.

Chukua mkalimani wa Kifaransa na Kiswahili anayefanya kazi kwa simu ndani ya nyumba ya mabati. Mvua ikianza, mteja hasikii kitu. Akiomba arudiwe mara tatu, kazi ijayo hupewa mwingine. Hofu yake ndiyo hiyo, na tangazo lianzie hapo:

"Mvua ikipiga bati kwako, hapa mteja anakusikia. Meza nane, simu hazipokelewi mezani. Vyumba viwili vya mazungumzo vina dari, weka nafasi mapema. Umeme ukikatika, betri inabeba ruta na taa kwa saa mbili. Shilingi 10,000 kwa siku, intaneti ikiwemo. Piga simu kabla ya kutoka Nakivale, tukwambie kama kuna nafasi."

Sentensi ya simu mezani ndiyo yenye uzito. Watu wanane wakizungumza kwa pamoja, kelele za nyumbani zimehamia mjini tu, tena kwa malipo.

Kila ahadi ipimwe kabla ya kuchapwa. Dari hupimwa siku ya mvua: mtu mmoja azungumze chumbani, mwingine amsikilize kwa simu akiwa mbali. Betri hupimwa kwa kuzima swichi kuu meza zote zikiwa na watu. Ikidumu saa mbili na nusu, andika mbili, kwa sababu betri huchoka kadiri inavyozeeka. Intaneti nayo ijaribiwe vyumba vyote viwili vikiwa na simu za video. Sauti ikikatikakatika, tatizo mara nyingi ni kasi ya kutuma, ambayo wauzaji wa vifurushi hawaitaji sana.

Kuhusu bei, mteja hailinganishi na kodi ya ofisi. Anailinganisha na bando lake, ambalo tangu Julai 2021 linabeba ushuru wa asilimia 12 Uganda, kisha anajumlisha nauli ya kwenda na kurudi. Wa Nakivale akifika akakuta vyumba vya mazungumzo vimejaa, amepoteza nauli na siku nzima. Kwa hiyo namba ya simu iandikwe kwa herufi kubwa kuliko jina la ofisi, na awepo mtu wa kuipokea tangu alfajiri, kabla magari ya kwanza hayajaondoka.