Bureti Ishirini na Mbili: Namna ya Kumwandikia Mkuu wa Shule Barua ya Vifaa vya Maabara

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata Tanzania iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walichanga, matofali yakafyatuliwa, mapaa yakaezekwa. Kazi iliyobaki baada ya hapo haina sherehe ya uzinduzi, nayo ni kujaza vyumba hivyo vifaa. Mara nyingi kazi hiyo huanza na karatasi moja, yaani barua ya mwalimu wa somo kwenda kwa mkuu wa shule.

Barua nyingi za aina hii hufia mezani, na sababu yake si ubahili wa mkuu. Mwalimu huandika kuwa maabara ina upungufu mkubwa, kisha anaambatanisha orodha ya vitu arobaini alivyovinakili kutoka katalogi ya muuzaji. Mkuu wa shule, ambaye huenda alisomea Kiswahili au historia, anaisoma orodha hiyo asijue kipi kikikosekana somo linasimama na kipi kinaweza kusubiri. Fedha ni za umma, na mkaguzi akija atamuuliza yeye. Hawezi kuidhinisha kitu asichoweza kukitetea.

Dawa yake ni kuigeuza barua. Ianze na jaribio lililomo kwenye muhtasari wa somo, ieleze mwanafunzi anafanya nini kwa mikono yake katika jaribio hilo, ndipo ishuke hadi kwenye vifaa na idadi yake. Tuchukue jaribio moja la kemia na tulifuate hadi mwisho, kwa shule yenye watahiniwa 40 wa kidato cha nne.

Jaribio lenyewe ni lile ambalo walimu huliita taitresheni. Mwanafunzi anavuta sentimita za ujazo 25 za myeyusho wa sodiamu kaboneti kwa pipeti, anaziweka kwenye flaski ya koni, anadondoshea matone mawili au matatu ya kiashiria cha methili oranji, kisha anafungulia asidi ya haidrokloriki kutoka kwenye bureti kidogo kidogo mpaka rangi ya njano ianze kugeuka. Hapo anafunga koki na kusoma ni asidi kiasi gani imetumika. Anarudia mara nne: mara ya kwanza ni ya kujaribia, tatu zinazofuata ndizo za kuhesabia. Kwenye mtihani wa taifa wa vitendo jaribio hili limezoeleka mno, na hakuna mwalimu wa kemia anayethubutu kuliacha.

Sasa hesabu ya vifaa inajitokeza yenyewe. Bureti haitumiwi na wanafunzi wawili kwa wakati mmoja, kwa sababu kila mmoja anatakiwa kuleta usomaji wake. Wanafunzi 40 wakiingia kwa zamu mbili, kila zamu inahitaji bureti 20. Kioo huvunjika, kwa hiyo ziongezwe mbili za akiba. Kila bureti inataka stendi yenye kibanio, na kila mwanafunzi anataka pipeti yake, mpira wa kuvutia na flaski ya koni. Walimu wengi husahau stendi na mpira wa kuvutia. Bureti zinafika, hakuna pa kuzifunga. Pipeti zinafika, wanafunzi wanavuta kemikali kwa midomo, jambo ambalo shule yoyote inayojali watoto haipaswi kuliruhusu hata mara moja.

Mkuu wa shule anaweza kuuliza swali la haki kabisa: kwa nini tusiazime kwa shule jirani? Barua ijibu kabla hajauliza. Mtihani wa vitendo hufuata ratiba ya taifa. Siku tunayozihitaji bureti za jirani huenda ndiyo siku ambayo jirani naye anazitumia. Kuazima kunafaa kwa mazoezi ya Machi, kwa Novemba hakufai. Hoja hii moja ina uzito kuliko aya nzima za kulalamikia upungufu.

Kwenye kemikali mambo ni kinyume, na hapa ndipo mwalimu anapoweza kumwokolea mkuu fedha. Kila mwanafunzi atatumia takribani sentimita za ujazo 100 za kila myeyusho, na tukihesabu kusuuzia vifaa na kumwagika tuseme 150. Kwa wanafunzi 40 ni lita 6. Ili kupata lita 6 za asidi yenye ukolezi wa mola 0.1 zinahitajika sentimita za ujazo 52 hivi tu za asidi kali ya kawaida ya dukani, ile ya asilimia 36. Chupa moja ya lita mbili na nusu inatosha darasa hili zaidi ya mara arobaini. Sodiamu kaboneti ya mola 0.05 inahitaji gramu 5.3 kwa lita, yaani gramu 32 hivi kwa darasa zima, na kopo la gramu 500 linatosha mara kumi na tano. Barua inayoomba chupa sita za asidi kali inaomba hatari ya kukaa stoo miaka mingi. Chupa moja inatosha, pamoja na glavu, miwani ya kinga na mahali pa kuifungia.

Kitu ambacho mkuu anaweza kukikata haraka kwa kudhani ni anasa ni mizani ya kusoma hadi gramu 0.01. Atasema jikoni kuna mizani. Mwalimu aeleze kwa mfano huu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima inaweza kukosea kwa nusu gramu. Nusu gramu katika gramu 32 ni zaidi kidogo ya asilimia moja na nusu, na kwenye bureti kosa hilo linaonekana kama sentimita za ujazo 0.4, yaani mistari minne mizima, wakati mwanafunzi anafundishwa kusoma kwa usahihi wa mstari mmoja. Ubaya wake ni kwamba darasa zima linakosea kwa pamoja, majibu yanafanana, na hakuna anayeshtuka. Mizani moja, ya mwalimu, inalinda kazi ya wanafunzi wote arobaini.

Yapo pia ya kutoombwa. Kigae cheupe cha kuweka chini ya flaski kinaweza kuwa karatasi nyeupe. Chupa za plastiki zilizooshwa vizuri na kubandikwa lebo zinabeba myeyusho ya wanafunzi bila shida. Stendi fundi wa kuchomelea anaweza kuzitengeneza, mradi kitako kiwe kizito na kibanio kiwe na mpira. Kanuni yangu ni kwamba pale kifaa kinapopima, tununue. Pale kinapobeba au kushikilia tu, tutafute hapa hapa. Mkuu akiona mwalimu amepunguza mwenyewe orodha yake, yaliyobaki atayaamini.

Barua yenyewe basi haina haja ya kuzidi ukurasa mmoja na jedwali. Kiini chake kinaweza kuwa hivi:

> Mkuu wa Shule,
> Kupitia: Mkuu wa Idara ya Sayansi.
>
> Yah: Mapendekezo ya ununuzi wa vifaa vya jaribio la taitresheni, kidato cha tatu na cha nne
>
> Husika na mada tajwa hapo juu.
>
> Muhtasari wa Kemia unamtaka mwanafunzi apime ukolezi wa asidi na besi kwa vitendo. Tuna watahiniwa 40 na bureti 6 zinazofanya kazi. Kwa hali hii kila bureti inatumiwa na wanafunzi saba, na katika vipindi viwili mfululizo wengi hutazama tu bila kushika.
>
> Naomba zinunuliwe bureti 16, ili pamoja na zilizopo ziwe 22: 20 kwa zamu moja na 2 za akiba. Naomba pia stendi, pipeti, mipira ya kuvutia na flaski kwa idadi iliyo kwenye jedwali, pamoja na mizani moja. Kemikali tulizonazo zinatosha mwaka huu.
>
> Fedha zikiwa pungufu, naomba tuanze na safu ya kwanza ya jedwali. Safu ya pili inaweza kusubiri robo inayofuata.

Tazama sentensi ya bureti sita. Kabla ya kuandika, mwalimu aingie stoo na leja mkononi, ahesabu, na ajaribu kila kimoja. Bureti iliyomo kwenye leja lakini koki yake imekwama si bureti. Na sentensi ya mwisho inampa mkuu nafasi ya kukubali nusu badala ya kukataa yote.

Jedwali liwe na sifa za kila kifaa, tena zilizoandikwa kwa makini, kwa sababu manunuzi ya umma Tanzania sasa hupita kwenye mfumo wa NeST, na muuzaji ataleta kile kilichoandikwa. Ukiandika "bureti" peke yake, huwezi kulalamika ukiletewa chochote chenye jina hilo. Andika: bureti ya kioo, ujazo wa sentimita 50, mistari ya 0.1, koki ya tefloni. Koki ina sababu yake. Koki ya kioo ikiachwa usiku kucha na sodiamu haidroksaidi hung'ang'ania, na mwanafunzi anayejaribu kuifungua kwa nguvu huikata. Tefloni haing'ang'anii hivyo. Bei zikadiriwe kutokana na ankara kifani za wauzaji zaidi ya mmoja, ziambatanishwe, ili mkuu asilazimike kuzitafuta.

Mwalimu aongeze mstari mmoja kuhusu mapokezi, kwamba atavipima vifaa kabla havijasainiwa. Kupima ni rahisi. Jaza bureti maji hadi sifuri, iache wima kwa dakika kumi; maji yakishuka chini ya mstari, koki inavuja na bureti irudi kwa muuzaji. Pipeti ya sentimita 25 itolee maji kwenye chombo kilichokwisha kupimwa: kwa joto la kawaida la chumba maji hayo yawe na uzito wa gramu 24.9 hivi. Ikitoa gramu 24.5, mistari yake imechorwa vibaya na hakuna ufundi wa mwanafunzi utakaoisahihisha. Mzigo ukishasainiwa na kuingia kwenye leja, kuurudisha ni vita.

Jaribio la pili, la kasi ya mmenyuko, lile ambalo alama ya X chini ya bika hufifia kadiri salfa inavyojitokeza, liandikiwe kwa njia hiyo hiyo, ila orodha yake ni fupi: silinda za kupimia na stopwochi. Simu haiingii kwenye chumba cha mtihani, kwa hiyo isihesabiwe kuwa saa.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mwalimu, barua yako iwe mezani kwa mkuu wakati bajeti inaandaliwa, miezi kadhaa kabla ya hiyo Julai. Bureti zikifika Oktoba, watahiniwa wako watazishika kwa mara ya kwanza mbele ya msimamizi.