Umra ya Watu Ishirini, Mwezi kwa Mwezi

Akina mama wengi wa Dar es Salaam wameukulia mchezo wa upatu. Kila mwezi fedha zinakusanywa, kijumbe anazigawa kwa zamu, na aliyepokea leo ananunua kochi au analipa ada ya mtoto. Kudunduliza kwa ajili ya Umra kunafanana na mchezo huo siku ya kukusanya tu. Baada ya hapo hakuna anayepokea katikati. Fedha zinalala miaka miwili zikisubiri bei ambayo leo haipo, na ambayo itapangwa kwa dola na riyali ilhali wachangaji wanauza vitenge na mandazi kwa shilingi.

Chukua mfano wa kikundi cha akina mama 20 wa mtaa mmoja. Wanachanga kuanzia Januari 2026 hadi Desemba 2027, na nia yao ni kusafiri mwishoni mwa Januari 2028. Wanamwendea wakala wa safari, naye anawapa bei ya wanaoondoka mwishoni mwa Januari 2026. Wanaigawa bei hiyo kwa miezi 24 na kurudi nyumbani wameridhika.

Hapo tayari wamekosea, na kosa lenyewe ni la kalenda. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku 10 au 11, kwa hiyo kila mwezi wake unasogea nyuma. Ramadhani ya 2026 inaangukia katikati ya Februari. Ile ya 2028 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 28 Januari. Tarehe waliyoichagua inawapeleka Makka ndani ya Ramadhani, msimu ambao vyumba vya karibu na Msikiti Mtukufu ni ghali mno, hasa kumi la mwisho. Bei waliyopewa ni ya msimu mwingine kabisa. Kwa hiyo wakala anapaswa kuulizwa kwa mwezi wa Kiislamu: Shaabani ni kiasi gani? Kikundi chetu kinasogeza safari hadi siku za mwanzo za Januari 2028, ambazo ni Shaabani, na kuchukua bei ya Shaabani kuwa msingi wa hesabu.

Tuseme wakala anataja shilingi 3,900,000 kwa kila mmoja, kwa usiku 11, watu wanne chumba kimoja. Mweka hazina makini haondoki na namba hiyo moja. Anaomba ichambuliwe, na katika mfano huu inatoka hivi: tikiti ya ndege 1,550,000, viza na bima 500,000, hoteli za Makka na Madina 1,000,000, mabasi na ziara 200,000, chakula 350,000, na ada ya wakala mwenyewe 300,000. Ada hiyo ni haki yake. Ndiye anayehangaikia viza, anayepanga vyumba na anayepokea simu saa nane za usiku basi lisipofika uwanja wa ndege.

Lakini kuna gharama ya wakala isiyoandikwa kwenye mstari wake. Mara nyingi kikundi hupewa kiongozi au shekhe anayesafiri bila kulipa. Tikiti yake na kitanda chake haviji bure: vimegawanywa ndani ya bei za wengine. Katika mfano wetu, ukiondoa ada, safari ya mtu mmoja inagharimu 3,600,000. Ikigawanywa kwa watu 20, kila mama anamchangia 180,000. Huenda wakaridhia kwa moyo mweupe, maana mtu wa kuwaongoza katika tawafu na sai anahitajika. Ila waridhie wakijua, na waulize mapema kama yumo ndani ya ile 3,900,000 au ataongezwa baadaye.

Nje ya bei ya wakala, kila mmoja anatenga 600,000 kwa pasipoti, ambayo peke yake ni 150,000, pamoja na chanjo ya homa ya uti wa mgongo, mavazi na fedha ya mfukoni. Jumla inafika 4,500,000, yaani 187,500 kwa mwezi.

Sasa linakuja fungu la tahadhari, ambalo vikundi vingi hulikadiria kwa hisia. Lina njia yake ya kupimwa. Riyali ya Saudia imefungwa kwenye dola kwa kiwango cha 3.75 tangu 1986, kwa hiyo kikundi hakina haja ya kuogopa sarafu mbili. Kinachohitaji kuangaliwa ni shilingi dhidi ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Aliyekuwa akichanga kipindi hicho aliona safari ileile ikipanda kwa zaidi ya asilimia 15 bila hoteli kuongeza hata riyali moja. Kisha shilingi ikapata nguvu ghafla, na mwishoni mwa Desemba 2024 dola ikarudi karibu na 2,400.

Kwa hiyo kikundi kinachukua asilimia 15, lakini kwa sehemu inayofuata dola tu, yaani ile 3,600,000. Hiyo ni 540,000, au 22,500 kwa mwezi. Mchango unakuwa 210,000. Kwenye daftari kila mama ana safu mbili, ya safari na ya tahadhari, na inaandikwa tangu siku ya kwanza kwamba ya pili isipotumika ni mali yake na atarudishiwa.

Fungu hilo linaweza kupumzishwa kabla ya safari. Mashirika ya ndege huanza kuuza tikiti miezi 10 au 11 kabla. Kikundi kikifika mwezi wa 14, kila mama ana 2,940,000. Tikiti zikinunuliwa wakati huo, sehemu iliyobaki wazi kwa dola ni 2,050,000, na asilimia 15 yake ni 307,500 tu. Kabla ya kulipa, waulize kama jina linaweza kubadilishwa.

Swali la jina ni zito kwa sababu ya vyumba. Watu 20 ni vyumba vitano vya wanne. Mmoja akijitoa, wenzake watatu wanabaki na chumba kilekile cha 4,000,000, na kila mmoja anadaiwa zaidi ya 1,333,000 badala ya milioni moja. Ugomvi mwingi wa vikundi huanzia kwenye kitanda hicho kitupu. Mkataba useme mapema: anayejitoa baada ya vyumba kulipiwa anarudishiwa zake baada ya kukatwa kitanda na sehemu ya tikiti isiyorudishwa. Aliyefariki, fungu lake lote lililobaki ni mirathi, linakwenda kwa warithi.

Fedha zenyewe zikae kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, katika benki au dirisha lisilo na riba, si mikononi mwa wakala mwezi baada ya mwezi. Wakala alipwe kwa hatua, kila malipo yakifuatwa na ushahidi. Kwa tikiti, ushahidi una umbo linalojulikana. Ile namba fupi ya herufi na tarakimu sita inaonyesha nafasi imeshikwa tu, na shirika linaweza kuifuta. Tikiti iliyolipiwa ina namba ya tarakimu 13 kwa kila msafiri. Mweka hazina achukue karatasi zote 20, ahesabu tarakimu, kisha apige simu kwa shirika lenyewe la ndege na kuyasoma majina moja moja kama yalivyo kwenye pasipoti, kabla ya kusaini malipo ya hoteli.